Kutoa jedwali kwenye picha ya ukurasa uliochapwa, na kupata jumla na wastani wa kila safu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mwisho wa mwezi kwa makarani na makatibu wa vikundi: karatasi iliyochapwa ipo mkononi, faili la kompyuta halipo, na mtu anataka jumla kabla ya saa kumi. Majibu yote yanatumia mfano mmoja, ili usilazimike kujifunza jedwali jipya kila swali.

## Mwanzo

Mfano wenyewe ni upi?

Ni ukurasa wa malipo ya wiki moja katika kituo cha kukusanyia maziwa. Namba ni za mfano tu, lakini umbo ni lile lile utakalolikuta kwenye karatasi nyingi: namba ya mwanachama, lita za asubuhi, lita za jioni, jumla ya lita, bei ya lita, na malipo kwa shilingi.

| Na. | Asubuhi | Jioni | Lita | Bei | Malipo |
|---|---|---|---|---|---|
| 014 | 42.5 | 28.0 | 70.5 | 1,000 | 70,500 |
| 017 | 36.0 | 21.5 | 57.5 | 1,000 | 57,500 |
| 022 | 58.5 | 40.0 | 98.5 | 1,100 | 108,350 |
| 029 | 31.0 | – | 31.0 | 1,000 | 31,000 |
| 031 | 47.5 | 33.5 | 81.0 | 1,100 | 89,100 |
| 038 | 38.5 | 26.0 | 64.5 | 1,000 | 64,500 |
| 045 | 63.0 | 44.5 | 107.5 | 1,100 | 118,250 |
| 052 | 29.5 | 18.0 | 47.5 | 1,000 | 47,500 |
| Jumla | 346.5 | 211.5 | 558.0 | | 586,700 |

Ukiliweka kwenye Excel, vichwa vinakaa mstari wa 1, wanachama wanaanzia mstari wa 2 hadi wa 9, na jumla iliyochapwa inaangukia mstari wa 10. Safu ni A hadi F. Fomula zote za ukurasa huu zinafuata mpangilio huo.

Si bora nichape tu kwa mkono?

Kwa mistari minane, ndiyo, chapa. Utamaliza kabla simu haijafungua programu. Kwa mistari thelathini na kuendelea, picha inaokoa muda, ila muda huo usiuhesabu wote kuwa faida, kwa sababu sehemu yake itakwenda kwenye ukaguzi. Jambo la kujua ni kwamba mashine na mkono hukosea tofauti. Mkono hugeuza tarakimu, 54 ikawa 45. Mashine haigeuzi, yenyewe hufananisha, 8 ikawa 3, au humeza nukta, au huweka herufi pahali pa tarakimu. Kila kosa lina alama yake kwenye jumla, na alama hizo zimeelezwa kwenye sehemu ya ukaguzi.

## Picha

Nimepiga picha na kwa macho yangu inasomeka vizuri. Mbona namba zinatoka ovyo?

Jicho lako linajua linachotafuta. Programu inahesabu nukta za picha. Tarakimu iliyochapwa kwa ukubwa wa pointi 10 ina urefu wa karibu milimita 2.5 kwenye karatasi. Ukurasa wa A4 una urefu wa milimita 297. Picha ikiwa na nukta 1,200 tu kwa urefu, kila milimita inapata nukta nne, na tarakimu yako inachorwa kwa nukta kumi. Kwa nukta kumi, tundu la juu la 8 linaziba na tofauti yake na 3 inakuwa ya kubahatisha. Picha hiyo hiyo ikiwa na nukta 3,500 kwa urefu, tarakimu inapata karibu nukta thelathini, na hapo mashine inasoma bila kubahatisha.

Hiyo 3,500 ndiyo A4 kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi. Kamera ya simu ya megapikseli 12 inakifikisha, mradi ukurasa ujaze picha. Ukisimama mbali, nusu ya picha ikawa meza na kikombe cha chai, umetupa nusu ya nukta zako.

Katibu amenitumia picha kwa WhatsApp. Inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa njiani, na unarudi kwenye hesabu ya swali lililotangulia. Mwambie aitume kama faili, yaani abonyeze alama ya kiambatanisho, achague `Document`, kisha aichague picha hapo. Itafika kama ilivyopigwa. Na asipige picha ya skrini ya picha. Hilo hutokea kuliko unavyodhani.

Nipige vipi ili mistari isipinde?

Ondoa karatasi kwenye faili ukiweza. Kama ni daftari lililojalidiwa, libane pembeni kwa kitabu kizito ili ukurasa ulale. Ukurasa uliopinda karibu na mshono ndio chanzo kikuu cha kosa baya kuliko yote, la namba sahihi kukaa mstari usio wake: lita za mwanachama 031 zinapanda kwa 029, jumla ya safu inabaki sahihi kabisa, na anayelipwa ni mtu mwingine.

Shika simu juu kabisa ya karatasi, sambamba nayo. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, kivuli chako kisiangukie ukurasa, na zima flashi. Karatasi ikiwa nyepesi na maandishi ya nyuma yanaonekana, weka karatasi nyeusi chini yake. Kisha piga picha mbili. Ya pili haigharimu kitu, na ndiyo utakayoitazama pale namba moja inapokuwa na utata.

Karatasi yetu imechapwa na printa ile ya zamani ya utepe, yenye kelele. Kuna tatizo?

Lipo, na ni la aina yake. Printa hizo hujenga tarakimu kwa vitone, na utepe ukichoka vitone vinaachana. Mashine huona vipande badala ya tarakimu moja. Nyingine huchapa sifuri yenye mstari katikati, na sifuri hiyo husomwa 8. Ukiona safu ya bei imejaa 1,888 badala ya 1,000, usitafute mchawi. Dawa ni kupunguza ukali kidogo kwenye programu ya picha ili vitone viungane, au kukubali kwamba safu hiyo utaichapa mwenyewe.

## Kutoa jedwali

Njia rahisi ni ipi kwa mtu mwenye simu tu?

Programu ya Excel ya simu. Fungua karatasi mpya, gusa alama ya `Data from Picture`, piga picha au chagua uliyopiga tayari, kisha kata kingo ili libaki jedwali peke yake, bila nembo ya ushirika wala sahihi za chini. Kabla ya kuingiza, programu itakuonyesha seli inazozitilia shaka. Zipitie moja moja ukiilinganisha kila seli na kipande chake cha picha. Usiharakishe kubonyeza ya kukubali yote.

Kwenye kompyuta, Excel mpya zina kitu hicho hicho chini ya `Data`, kisha `From Picture`. Njia zote mbili zinahitaji mtandao, kwa sababu picha husomwa kwenye seva.

Seli zisizotiliwa shaka si kwamba ni sahihi. Mashine hukosea kwa kujiamini kama mtu yeyote.

Nimetumia Google Drive, nikafungua picha kwa Google Docs. Namba zimetoka lakini zote zimejipanga wima. Nifanyeje?

Njia hiyo husoma maandishi vizuri, ila mara nyingi haijali jedwali. Unapata namba zote za Asubuhi, kisha zote za Jioni, au mchanganyiko. Kama zimetoka safu kwa safu, huna hasara: nakili kila fungu na ubandike kwenye safu yake. Hesabu kwanza idadi ya namba katika kila fungu. Kwenye mfano wetu safu ya Jioni inaweza kutoa namba saba badala ya nane, maana kile kistari cha 029 hakikusomwa. Ukibandika bila kuhesabu, kuanzia 029 kwenda chini kila mtu anapokea lita za jirani yake.

Nina kurasa arobaini. Kuna njia ya kuzipitisha kwa pamoja?

Kwa kompyuta, ndiyo. Tesseract ni programu ya bure, inafanya kazi bila mtandao, na ina faili la lugha ya Kiswahili linaloitwa `swa`. Amri ya ukurasa mmoja ni hii:

```
tesseract ukurasa01.png ukurasa01 -l swa --psm 6 -c preserve_interword_spaces=1
```

`--psm 6` inaiambia ichukulie ukurasa kama bonge moja la maandishi, isijaribu kutafuta safu za gazeti. Sehemu ya mwisho inabakiza nafasi kati ya maneno, ili baadaye ukate safu kwa kufuata nafasi hizo. Tesseract haitengenezi jedwali. Inakupa mistari ya maandishi, na kuigawa ni kazi yako.

Kuna wanaoongeza `-c tessedit_char_whitelist=0123456789.,-` ili isome tarakimu pekee. Inasaidia kwenye safu iliyokatwa peke yake, lakini mimi huiogopa kidogo. Bila kizuizi, sifuri isiyosomeka hutoka kama herufi O, na herufi hiyo inapiga kelele kwenye ukaguzi. Ukiwa na kizuizi, mashine inalazimika kuchagua tarakimu fulani, na ikichagua vibaya hakuna kitakacholia.

Majina ya wanachama yamo kwenye picha. Ni sawa kuipandisha mtandaoni?

Jina pamoja na kiasi anacholipwa mtu ni taarifa binafsi, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, na kwa Kenya sheria ya 2019. Kwa hesabu za safu huhitaji majina. Funika safu ya majina kwa ukanda wa karatasi kabla ya kupiga, ubaki na namba za uanachama. Au tumia Tesseract, ambayo haitoi picha nje ya kompyuta yako.

## Kusafisha kabla ya kujumlisha

Jumla yangu ni ndogo kuliko iliyochapwa, na nimehakikisha namba zote zinaonekana. Kwa nini?

Kwa sababu kuonekana kama namba na kuwa namba ni mambo mawili. `SUM` hujumlisha namba na kuruka maandishi bila kukuambia lolote. Tuseme malipo ya mwanachama 052 yamesomwa 47,5O0, yenye herufi O mahali pa sifuri ya kwanza. Kwa Excel hayo ni maandishi, na jumla ya Malipo inatoka 539,200 badala ya 586,700. Tofauti ni 47,500 kamili, yaani mstari mzima umekosekana.

Angalia upande namba ilipoegemea. Usipogusa mpangilio wa seli, namba halisi huegemea kulia na maandishi huegemea kushoto. Kwa safu ndefu usitegemee jicho, andika:

```
=COUNTA(F2:F9)-COUNT(F2:F9)
```

Jibu ni idadi ya seli zenye kitu lakini kitu hicho si namba. Kwenye Malipo linatakiwa kuwa 0. Kwenye Jioni litakuwa 1, kile kistari, na hilo ni halali.

Nitageuzaje maandishi kuwa namba kwa safu nzima?

Kwenye safu tupu ya pembeni weka fomula hii, kisha iburute chini:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(F2,CHAR(160),""),".",",")
```

`CHAR(160)` ni nafasi isiyoonekana ambayo hujipenyeza na maandishi yaliyonakiliwa, na ambayo `TRIM` haiiondoi. Alama mbili za mwisho zinaeleza kwamba nukta ni ya desimali na mkato ni wa maelfu. Palipo na herufi itatoka `#VALUE!`, na ndivyo tunavyotaka: rudi kwenye picha, usikisie. Safu ya pembeni ikishakuwa safi, inakili na uibandike kama `Values` juu ya safu ya zamani, maana `SUM` bado inasoma ile ya zamani.

Tahadhari moja. Fomula hii ikikuta seli tupu inarudisha 0. Kwa jumla haina madhara. Kwa wastani inaharibu, kama inavyoelezwa kwenye sehemu ya wastani.

Karatasi imetoka Bujumbura na imeandikwa 118.250 kwa maana ya laki moja na elfu kumi na nane na mia mbili hamsini. Excel inaona mia moja na kumi na nane na robo.

Huko, kama Kongo na kwingine palipozoea uandishi wa Kifaransa, mkato ni wa desimali, na maelfu hutengwa kwa nukta au nafasi. Kwa seli ambazo bado ni maandishi, geuza alama mbili za mwisho za fomula iliyotangulia ziwe `","` kisha `"."`. Seli ambayo Excel imeshaigeuza namba, kama 118.25, usiipitishe kwenye fomula hiyo, maana itatoa 11,825; izidishe kwa 1,000. Kumbuka pia kwamba Excel iliyopangwa kwa Kifaransa hutenganisha vipande vya fomula kwa nukta-mkato, si kwa mkato.

Hata karatasi ya hapa nyumbani huangukia shimo hili pale mkato mfinyu unaposomwa kuwa nukta. Mwanachama 045 akisomwa 118.250, jumla ya Malipo inakuwa 468,568.25. Ukiona senti kwenye safu ambayo haina senti hata moja, umeshapata mkosaji.

## Jumla na ukaguzi

Fomula ya jumla ni ipi?

```
=SUM(B2:B9)
```

Iandike mstari wa 12, chini ya jumla iliyochapwa na si juu yake, kisha mstari wa 13 weka `=B12-B10`. Ukipata 0 kwenye kila safu, vizuri. Safu ya Bei usiijumlishe. 8,300 haina maana yoyote. Safu ya namba za wanachama vilevile, ingawa Excel itakujumlishia kwa furaha.

Jumla yangu ni mara mbili ya ile ya karatasi.

Umejumlisha na mstari wa jumla. `=SUM(B2:B10)` inatoa 693.0, ambayo ni 346.5 mara mbili. Nilishapeleka taarifa ya hivyo kwenye kikao nikiwa mgeni kwenye kazi, na mzee mmoja aliyekaa nyuma, hana hata kikokotoo, akauliza: "Mwanangu, ng'ombe wetu wamezaa usiku wa kuamkia leo?" Tangu siku hiyo mstari uliochapwa wa jumla naupaka rangi kabla ya kuandika fomula yoyote.

Kwenye kurasa zenye jumla ndogo za kila kijiji katikati, tatizo ni lile lile kwa sura nyingine. Futa jumla ndogo kwenye nakala yako ya kazi, zihifadhi pembeni kwa kulinganishia.

Jumla hailingani. Nitajuaje kosa liko mstari gani bila kusoma kurasa zote upya?

Hapa ndipo kazi ilipo, na jedwali lenyewe linakusaidia kwa sababu lina hesabu ndani yake. Asubuhi na Jioni zinatoa Lita. Lita mara Bei inatoa Malipo. Weka fomula mbili kwenye safu za G na H, uziburute hadi mstari wa 9:

```
=ROUND(SUM(B2:C2)-D2,2)
=ROUND(D2*E2-F2,2)
```

Mstari wowote usiotoa 0 ndio wa kutazama. Tuseme 58.5 ya mwanachama 022 imesomwa 53.5. Jumla ya Asubuhi inapungua kwa 5 na kuwa 341.5, na mstari wa 022 kwenye G unatoa -5. H inatoa 0. Kwa hiyo Lita, Bei na Malipo zinaafikiana, jumla ya safu ya Jioni inalingana na karatasi, na kilichobaki ni Asubuhi. Unafungua picha, unakuza sehemu moja, umemaliza.

Nimetumia `SUM(B2:C2)` badala ya `B2+C2` kwa sababu ya kile kistari cha 029: alama ya kujumlisha ikikutana na kistari inatoa `#VALUE!`, `SUM` inakiruka.

Jambo moja la kuchunga. Kuzidisha na kutoa kwenye Excel hugeuza maandishi yanayofanana na namba kuwa namba kimyakimya. Seli ya Malipo yenye maandishi "89100" itapita ukaguzi wa H ikitoa 0, wakati `SUM` ya safu inairuka. Kwa hiyo ukaguzi wa mistari hauchukui nafasi ya ile hesabu ya `COUNTA` na `COUNT`, vifanye vyote.

Jedwali langu halina safu zinazokaguana. Lina safu moja tu na jumla yake.

Basi tazama tofauti yenyewe, maana ina alama ya vidole.

Ikiwa na tarakimu moja isiyo sifuri, kama 5, 50 au 30,000, tarakimu moja imesomwa vibaya kwenye nafasi hiyo, iwe ya mamoja, ya makumi au ya makumi elfu. Tofauti ya 50 ni nafasi ya makumi, na jozi za kutafuta ni zile zenye pengo la tano, hasa 3 na 8.

Ikigawanyika kwa 9, kuna mawili. Ama mtu amegeuza tarakimu akiandika kwa mkono, ama nukta imemezwa. Nukta ikimezwa namba inakuwa mara kumi, kwa hiyo ziada ni mara tisa ya namba halisi. Jioni ikitoka 513.0 badala ya 211.5, tofauti ni 301.5. Gawa kwa 9: 33.5. Tafuta 33.5 kwenye safu. Huioni, badala yake kuna 335 kwa mwanachama 031.

Ikilingana na namba iliyopo kwenye karatasi, mstari umerukwa, au umeingia mara mbili, au ni maandishi.

Makosa mawili yakikutana, alama hizi huchanganyika. Hapo gawa safu nusu kwa nusu: jumlisha mistari ya juu kwa kikokotoo ukisoma karatasi, linganisha, uendelee kwenye nusu isiyolingana.

Itakuwaje jumla iliyochapwa yenyewe ndiyo yenye kosa?

Hutokea, hasa kama karatasi ilichapwa kwenye programu ya maandishi na jumla ikaandikwa kwa mkono. Usiilaumu karatasi mpaka mistari yote itoe 0 kwenye G na H, na jumla za safu ziafikiane: Asubuhi na Jioni zikupe Lita, kama 346.5 na 211.5 zinavyotoa 558. Ukifika hapo na jumla iliyochapwa bado inakataa, iandike zote mbili kwenye taarifa, "iliyochapwa" na "iliyohesabiwa". Usiirekebishe kimyakimya namba ya kwenye karatasi yenye muhuri.

## Wastani

Nigawanye kwa idadi gani, mwenye kistari ahesabiwe au asihesabiwe?

Swali hili lina majibu mawili halali, na lazima uchague. `=AVERAGE(C2:C9)` inaruka kistari na seli tupu, inagawa 211.5 kwa 7, inatoa 30.2. Ukiweka 0 badala ya kistari inagawa kwa 8, inatoa 26.4.

Kama 029 ana ng'ombe mmoja anayekamuliwa asubuhi tu, yeye si mletaji wa jioni, na wastani wa wanaoleta jioni ni 30.2. Kama swali ni kituo kinapata lita ngapi za jioni kwa kila mwanachama, ni 26.4. Kinachoharibu ni kuachia programu ikuchagulie: ile fomula ya kusafisha iliyotajwa juu inaweza kugeuza seli tupu kuwa 0, na wastani wako ukashuka bila mtu kuamua. Kwenye taarifa andika idadi pembeni: "30.2, wanachama 7".

Wastani wa bei ni 1,037.5. Mhasibu anasema ni 1,051. Nani yuko sahihi?

Mhasibu. Wewe umejumlisha bei nane na kugawa kwa nane, kama vile kila mtu alileta lita sawa. Lakini watatu wenye bei ya 1,100 ndio walioleta mzigo mkubwa, lita 287 kati ya 558. Bei ambayo kituo kimelipa kwa lita ni fedha zote gawa kwa lita zote:

```
=F12/D12
```

586,700 kwa 558 ni 1,051.43. Kanuni hii inagusa safu yoyote ambayo ni kiwango: bei, asilimia, kilo kwa ekari. Safu za kiasi, kama Lita, hutumia `AVERAGE` ya kawaida: 69.75 kwa mwanachama.

## Kesi za pembeni

Jedwali limevuka kurasa mbili.

Toa kila ukurasa kivyake, ukague kivyake, ndipo uunganishe. Angalia mistari miwili: ule wa chini wa ukurasa wa kwanza unaosema "Jumla kwenda mbele", na ule wa juu wa pili unaorudia namba hiyo hiyo. Yote miwili iondolewe kabla ya `SUM`. Kwa wastani, usichukue wastani wa kila ukurasa ukagawa kwa mbili. Ukurasa wa pili kwa kawaida una mistari michache.

Kuna namba imekatwa kwa kalamu na nyingine kuandikwa juu yake.

Mashine itasoma kitu cha tatu kisichokuwepo. Chapa mwenyewe namba ya kalamu, paka seli rangi, na uandike maelezo pembeni. Jumla iliyochapwa haitalingana tena, na tofauti lazima iwe sawasawa na mabadiliko ya kalamu. Isipokuwa sawa, kuna kosa jingine.

Namba iliyo kwenye mabano, (2,500), ni nini?

Kwenye karatasi za hesabu ni kasoro, yaani -2,500, aghalabu makato. Ukiiandika mwenyewe hivyo, Excel huielewa kuwa hasi. Ikitoka kwenye picha, bano moja likisomwa kama 1 au C, unapata 12,500 au maandishi. Safu ya makato ichunguze seli kwa seli.

Nimejumlisha lita zilizoonyeshwa na desimali moja, na kila mara napishana na karatasi kwa 0.1 au 0.2.

Hapo huenda hakuna kosa la usomaji. Mfumo uliochapa ulihifadhi desimali nyingi, ukajumlisha, kisha ukakadiria hadi desimali moja iliyo karibu wakati wa kuchapa. Wewe unajumlisha zilizokwisha kukadiriwa. Kila mstari unaweza kupotoka kwa hadi 0.05, kwa hiyo mistari minane haiwezi kupita 0.4, na jumla iliyochapwa nayo inaongeza 0.05 yake. Tofauti iliyo chini ya hapo iandike na uiache. Iliyo juu ya hapo ni ya kutafutwa kama nyingine zote.